Kikumbusho cha kila mwezi kianze na akaunti

Kila mwezi unapoanza, ujumbe uleule huingia kwenye simu za wafanyakazi wengi wa maofisini na wateja wengi wa benki: hifadhi nakala za picha zako, badilisha nywila dhaifu, kagua ruhusa ulizozipa programu zako. Anayeupokea huufuta pamoja na matangazo ya bando, kisha anaendelea na shughuli zake. Hatumlaumu, maana ujumbe wenyewe umeandikwa vibaya. Tungependa uendelee kutumwa kila mwezi, ila uandikwe upya. Katika mambo yake matatu, moja limesemwa nusu na jingine limekosewa, na lile linalotangulia yote halimo kabisa.

Hilo lisilokuwamo ni akaunti. Tazama jinsi simu zinavyouzwa katika miji yetu. Mama ananunua simu ya Android Kariakoo au duka la jirani na kwake. Laini inawekwa, skrini inadai akaunti ya Google, na nyuma yake wateja wengine wanasubiri. Kijana wa dukani anamwuliza jina, anabuni anwani ya barua pepe papo hapo, anaweka nywila anayoijua yeye, pengine ileile anayowawekea wateja wote. Pale panapoulizwa namba ya kurejeshea akaunti, anaparuka au anaandika namba yake mwenyewe. "Mama, nishakumalizia, WhatsApp yako hii hapa." Mama anaondoka na simu inayofanya kazi. Anwani haijui, nywila haijui, na hakuna kitakachomlazimisha kuvijua mpaka siku simu itakapoibwa kwenye daladala.

Siku hiyo picha zake zinaweza kuwa salama salimini kwenye seva za Google: za arusi ya mdogo wake, za risiti za mzigo, za hati ya kiwanja. Lakini hana njia ya kuthibitisha kwamba ni zake. Ananunua simu nyingine, na kijana mwingine anamfungulia akaunti nyingine mpya. Nakala zipo ila mwenyewe hazifikii, na muda si rafiki yake, kwa sababu tangu Desemba 2023 Google ilianza kufuta akaunti binafsi zisizotumika kwa miaka 2, pamoja na picha zilizomo.

Mafundi simu wanalijua tatizo hili kwa mlango wa pili. Simu nyingi za Android za miaka ya karibuni, zikifutwa kila kitu bila kufuata utaratibu, hudai akaunti ya Google iliyokuwamo kabla. Ulinzi huo uliwekwa ili mwizi asinufaike. Matokeo yake ni kwamba kila wiki mtu anafika kwa fundi na simu yake halali, aliyoinunua kwa fedha yake, naye hana jibu la swali la kwanza kwenye skrini.

Kwa hiyo kikumbusho kianze hivi: je, unaijua akaunti ya simu yako? Fungua Settings, shuka hadi palipoandikwa Google, na juu kabisa utaiona anwani. Iandike kwenye daftari la nyumbani. Kisha, ukiwa bado na simu hiyo mkononi, ingia sehemu ya usalama ya akaunti, uweke nywila yako mwenyewe. Usipoijua ya zamani, mara nyingi Google hukuruhusu uthibitishe kwa kufuli la skrini ya simu ambayo akaunti iko wazi. Ndiyo maana kazi hii hufanyika leo, simu ikiwapo. Ikishapotea, mlango huo umefungwa.

Papo hapo angalia namba ya kurejeshea akaunti. Ikiwa ni ya muuzaji, itoe. Ikiwa ni ya laini uliyoiacha zamani, itoe pia, maana laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni na namba yake hatimaye hupewa mteja mwingine. Weka namba unayoitumia sasa, na kama unaye ndugu unayemwamini, anwani yake ya barua pepe iwe njia ya pili. Ukiwasha uthibitishaji wa hatua mbili, Google hukupa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja wa tarakimu 8, na kila mmoja hutumika mara moja tu. Iandike kwenye karatasi. Ukiipiga picha na kuiacha kwenye simu ileile, umejifungia nje pamoja na ufunguo.

Hayo ni ya mara moja. Baada ya hapo kazi ya mwezi kuhusu akaunti ni kuthibitisha tu kwamba namba ile bado ni yako.

Sasa picha. Ujumbe unasema "hifadhi nakala", na wengi huamini wamekwisha kuhifadhi kwa sababu waliwahi kubonyeza kitufe fulani. Kipimo ni kimoja: azima kompyuta au simu ya mtu wa nyumbani, ingia photos.google.com kwa akaunti yako, utazame picha ya karibuni zaidi ni ya tarehe gani. Ikiwa ni ya jana, nakala zinakwenda. Ikiwa ni ya Machi na sasa ni Septemba, zilikwama Machi. Ukimaliza, toka kwenye akaunti kabla ya kurudisha kifaa cha watu.

Kukwama hutokea kimya, na sababu ya kawaida ni kujaa. Hadi mwisho wa Mei 2021, Google Photos ilipokea picha bila kikomo ikiwa umekubali zipunguzwe ubora kidogo. Kuanzia tarehe 1 Juni 2021, kila picha mpya huhesabiwa ndani ya GB 15 za bure, ambazo ni za barua pepe, mafaili na picha kwa pamoja. Sasa hata nakala za mazungumzo ya WhatsApp kwenye Android zinakula humo humo. Mwenye iPhone ana nafasi ndogo zaidi, GB 5 tu za iCloud.

Tuchukue mfano wa mwenye duka la vitenge Mwanza, anayepiga picha za mzigo na kuwatumia wateja. Tuseme kwa mwezi anapiga picha 200, kila moja MB 3. Hizo ni MB 600. Anarekodi pia video fupi fupi za kuonyesha nguo, jumla dakika 10. Kwa ubora wa kawaida wa 1080p, dakika moja huchukua takriban MB 130, basi video zake zinafika GB 1.3. Mwezi mmoja umekula karibu GB 2, na nafasi yote ya bure itajaa mwezi wa 8. Hapo kupakia kunasimama. Baya zaidi, hata barua pepe mpya hazipokelewi, na yeye huenda asijue, kwa sababu hafungui barua pepe.

Ukitazama hesabu hiyo utaona mzigo mkubwa si picha, ni video. Anaweza kupakia picha zote kwenye wingu na kuziweka video mahali pengine. Flashi yenye mdomo wa kuingia kwenye simu inatosha, au waya na kompyuta ya ofisini. Anakili kwanza, afungue video tatu nne kutoka kwenye flashi akiwa kwenye kifaa kingine aone kama zinacheza, ndipo afute za kwenye simu. Na ikiwa video hizo ni za thamani kwake, asiziache kwenye flashi peke yake. Flashi hufa bila taarifa. Kadi ya kumbukumbu iliyomo ndani ya simu haihesabiki kama nakala, kwa sababu mwizi akichukua simu ameichukua na kadi.

Lipo shimo jingine ambalo wengi hawalioni. Google Photos, ikiachwa ilivyo, hupakia picha ulizopiga kwa kamera. Zile ulizotumiwa WhatsApp hukaa kwenye folda yake, na folda hiyo haipakiwi mpaka uichague wewe kwenye mipangilio ya kuhifadhi nakala. Kwa Mwafrika Mashariki wa leo, picha nyingi za maana hazikupigwa na simu yake: za mtoto aliyeko shule ya bweni, za marehemu zilizotumwa kwenye kundi la ukoo, risiti ya malipo iliyotumwa na mteja. Usiiwashe folda nzima ikiwa makundi yako yamejaa salamu za asubuhi zenye maua, maana GB 15 zitaishia huko. Ni bora mara moja kwa mwezi kuchagua zinazostahili na kuzihamishia kwenye folda inayopakiwa.

Na ufutaji nao una kanuni zake. Ukifuta picha ndani ya Google Photos, inafutika kwenye simu na kwenye wingu pia. Iliyokuwa imepakiwa hukaa kwenye pipa la taka siku 60, kisha inakwenda moja kwa moja. Anayetaka tu kupunguza mzigo wa simu atumie kitufe cha Free up space, ambacho huondoa kwenye simu zile tu zilizokwisha kupakiwa. Tunashuku kwamba watu wengi zaidi wamepoteza picha kwa kusafisha simu kuliko kwa wezi.

Tunafika kwenye nywila, na hapa ndipo tunapopinga. Vikumbusho vingi vinasema badilisha nywila kila mwezi au kila miezi mitatu. Ushauri huo una umri. Ulipewa nguvu na waraka wa mwaka 2003 wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ulioandikwa na Bill Burr, na maofisi duniani kote yakaufuata. Mwaka 2017 taasisi hiyo hiyo iliugeuza: mtumiaji asilazimishwe kubadilisha nywila kwa ratiba, abadilishe pale panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Mwaka huohuo Burr mwenyewe, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika.

Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi yenye kanuni hiyo. Mtu anayelazimishwa kubadilisha hubadilisha tarakimu ya mwisho. Mwanza2024 inakuwa Mwanza2025, kisha Mwanza2025! yenye alama ya mshangao mwishoni. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichunguza akaunti zaidi ya 7,000 za watu waliokuwa wakilazimishwa hivyo, wakaona kwamba aliyeijua nywila ya zamani aliweza, kwa asilimia 17 ya akaunti, kuipata mpya kwa kubahatisha chini ya mara 5. Mabadiliko yale yalimchosha mwenye akaunti, na mwizi hayakumzuia.

Neno la kushika katika kikumbusho ni "dhaifu". Nywila dhaifu ni iliyo fupi, au iliyovuja, au inayotumika zaidi ya mahali pamoja. Hiyo ya tatu ndiyo inayoumiza watu wetu. Mtu ana nywila moja ya barua pepe, Facebook, tovuti ya kubashiri mechi na duka la mtandaoni. Tovuti ndogo ikivunjwa, orodha ya anwani na nywila inauzwa, na wezi wanaijaribu kwenye barua pepe za wote waliomo. Hawabahatishi chochote, wanacho tayari.

Kazi ya mwezi basi haihitaji kubuni nywila mpya. Inahitaji kuangalia orodha. Simu ya Android inayokumbuka nywila zako ina sehemu ya Password Manager ndani ya mipangilio ya Google, yenye Password Checkup inayokutenganishia zilizovuja, zilizorudiwa na zilizo dhaifu. Anza na zilizovuja. Asiyehifadhi nywila kwenye simu anaweza kuandika anwani yake kwenye haveibeenpwned.com, tovuti iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, aone ni uvujaji gani ulimgusa. Orodha ikiwa haina jipya mwezi huu, usibadilishe kitu. Na ya barua pepe iwe tofauti na zote, ndefu, hata ikiwa ni maneno manne yasiyohusiana yaliyounganishwa, kwa sababu akaunti nyingine nyingi hurejeshwa kupitia barua pepe.

Kuna nywila moja ambayo vikumbusho huisahau: kufuli la skrini. Tumesema hapo juu kwamba kufuli hilo linaweza kufungua njia ya kuweka nywila mpya ya Google. Basi namba inayojulikana na watoto wote wa nyumba, na shemeji, na fundi aliyebadilisha kioo wiki jana, ndiyo nywila yako halisi. Ukimpa fundi namba ya skrini, ibadilishe siku unapoichukua simu. Na isifanane na namba ya siri ya M-Pesa, wala isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, ambao umeandikwa kwenye kitambulisho kilichomo kwenye pochi ileile.

Mwisho ni ruhusa za programu. "Kagua ruhusa" ni maneno mapana mno. Simu ya kawaida ina programu 50 na zaidi, na hakuna atakayezipitia moja moja. Simu yenyewe sasa inasaidia: tangu Android 11 ya mwaka 2020, programu usiyoifungua kwa miezi kadhaa hunyang'anywa ruhusa zake, na baadaye Google iliupeleka utaratibu huo hadi kwenye simu za zamani zenye Android 6. Tatizo basi haliko sana kwenye programu zilizolala. Liko kwenye zile unazozitumia.

Programu za mikopo ndizo zilizotufundisha. Mkopaji aliyekuwa na haraka ya shilingi elfu thelathini alibonyeza "kubali", na programu ikanyonya majina yote ya kitabu chake cha simu. Alipochelewa kulipa, bosi wake, mchungaji wake na mama mkwe wake walipigiwa. Kenya, Kamishna wa Ulinzi wa Data alimtoza faini mwendeshaji wa programu za KeCredit na Faircash mwezi Septemba 2023, ya shilingi za Kenya 2,975,000, kwa kuwasumbua watu waliotolewa kwenye vitabu vya simu vya wengine. Mwezi Mei mwaka huo Google ilianza kuzikataza programu za mikopo zilizoko Play Store kugusa majina na picha za mtumiaji. Tanzania, mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Kausha damu haikuisha; sehemu ya biashara hiyo imehamia kwenye mafaili yanayotumwa kwa kiungo cha WhatsApp, nje ya Play Store, ambako katazo la Google haliyafikii.

Kwa hiyo tunashauri kila mwezi mtu akague sehemu nne tu. Fungua Settings, andika Permission manager kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha ingia Contacts na SMS. Inayostahili kusoma ujumbe wako mfupi ni programu ya ujumbe yenyewe na pengine nyingine moja unayoijua kwa jina. Kikokotoo au tochi ikionekana hapo, ondoa programu nzima kwenye simu, si ruhusa tu. Halafu tafuta Notification access, kwa sababu programu inayosoma arifa inaziona namba za uthibitisho zinazotokea juu ya skrini hata kama haina ruhusa ya SMS. Ya nne ni Accessibility. Sehemu hii ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, mfano asiyeona anayesomewa skrini na TalkBack, na kwa sababu hiyo inampa mwenye ruhusa uwezo wa kusoma kila kilichoandikwa na kubonyeza kwa niaba yako. Programu nyingi za wizi wa benki hupitia hapo. Asiyetumia msaada huo aikute orodha ikiwa imezimwa yote.

Ujue pia kikomo cha zoezi. Kuondoa ruhusa leo hakurudishi majina yaliyochukuliwa mwezi uliopita, na kufuta programu hakufuti akaunti uliyojiandikisha ndani yake. Hapo inabidi kuandika kwa kampuni kuomba taarifa zifutwe, haki iliyomo kwenye sheria za ulinzi wa data za Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022. Kampuni isiyo na anwani haitajibu.

Wanaotuma vikumbusho hivi, benki zikiwa mbele, tunawaomba waandike hivi: "Je, unaijua akaunti ya Google ya simu yako? Picha ya mwisho kwenye wingu ni ya tarehe gani? Nywila gani imevuja? Nani anasoma SMS zako?" Yanatosha kwenye SMS moja. Na wasiweke kiungo chochote ndani yake, hata cha tovuti yao halali. Mteja aliyezoeshwa kila mwezi kubonyeza kiungo kinachotoka kwa benki "kwa usalama wake" atakibonyeza na kile cha tapeli, ambaye ataunakili ujumbe huo neno kwa neno. Aelezwe afungue mipangilio ya simu yake mwenyewe, na akikwama, aende kwenye tawi.